Laini ya kwanza inaitwa sifuri: simu yangu ilivyonikata salio nikiwa nimelala

Mimi ni katibu wa kikoba chetu hapa Kihonda, Morogoro. Tuko wanachama 38, tunakutana Jumamosi saa kumi jioni, na kila Ijumaa katibu anatakiwa awakumbushe watu kikao. Kwa miaka miwili nilikuwa natuma meseji moja moja kwa kidole, hadi siku mpwa wangu aliyekuja likizo aliponionea huruma. Akaniambia, "Mjomba, hii kazi simu inaweza kuifanya yenyewe." Akaniwekea Termux, programu ya kuipa simu amri kwa maandishi, na mwenzake Termux:API, inayoziwezesha amri hizo kutuma meseji, zote mbili kutoka F-Droid, duka la programu huria, akaandika skripti ya mistari michache, akarudi chuoni.

Simu yangu ina laini mbili. Laini ya kwanza ndiyo ya kikundi. Wanachama wote wameihifadhi, na kila Alhamisi jioni nilikuwa naijiunga kifurushi cha meseji 100 kwa fedha ya kikundi. Laini ya pili ni yangu binafsi ya intaneti, na mara nyingi ina salio la kawaida kidogo, kwa sababu mama huwa ananibipu nimpigie. Hilo salio ndilo lililoliwa.

Kabla sijafika kwenye kosa lenyewe, niseme la aibu lililotangulia. Skripti ilipangwa kwa cron, kipanga saa cha kuendesha amri, na mpwa wangu alikuwa ameniachia mahali pa kujaza saa. Nilitaka meseji ziende saa mbili asubuhi, nikaandika 2. Simu haijui saa zetu, kwake 2 ni saa nane usiku. Kwa hiyo Ijumaa ya kwanza, watu walipata ukumbusho wa rejesho saa nane za usiku. Kama na wewe unapanga hivi, saa mbili asubuhi ni 8.

Nilipoamka kulikuwa na simu saba ambazo sikuzipokea, zote zimeingia kwenye laini ya pili. Nikashangaa. Laini ya pili mwanachama gani anaijua? Nikaipigia namba ya kwanza kati ya hizo saba, bibi mmoja wa kikundi akapokea kwa ukali. "Wewe kijana, wewe ni nani? Unatutumia meseji usiku kwa namba tusiyoijua, unataka hela za hisa. Sisi tumeshazoea matapeli."

Hapo ndipo nikaelewa kwamba laini isiyo sahihi ina gharama mbili, na ile ya salio ndiyo ndogo. Nchi hii kila mtu ameshatumiwa ile meseji ya "ile hela tuma kwenye namba hii". Meseji inayotaja hela, ikija usiku kutoka namba ngeni, haiwezi kusomwa vingine. Wawili walikuwa wameifuta bila kuisoma hadi mwisho. Mmoja aliisambaza kwenye kundi letu akionya wenzake juu ya namba yangu mwenyewe.

Nikaangalia salio la laini ya pili. Jioni ya Alhamisi nilikuwa nimeweka vocha ya 2,000. Zilikuwa zimebaki shilingi 22. Kifurushi cha laini ya kwanza kilikuwa kamili, meseji 100, hakuna iliyotoka. Watu waliopata ujumbe walikuwa 23. Salio lilipoisha wale 15 waliobaki hawakupata chochote, na skripti iliendelea hadi mwisho kana kwamba kila kitu kiko sawa. Skripti inaikabidhi simu ujumbe, basi. Mtandao ukikataa kwa sababu huna salio, yeye ameshaenda kwa mtu anayefuata.

Sasa kwa nini laini ya pili? Mstari wa kutuma ulikuwa hivi:

```
termux-sms-send -n "$namba" "$ujumbe"
```

Hakuna mahali panapotaja laini. Usipotaja, simu inatumia laini iliyowekwa kwenye mipangilio kuwa ndiyo ya meseji. Kwenye simu yangu, ambayo ni Samsung, inapatikana ndani ya mipangilio, sehemu ya SIM manager, kwenye mstari wa Messages. Nikafungua: laini ya pili. Nikakumbuka kwamba miezi kadhaa nyuma laini ya pili ilikuwa na ofa ya meseji, nikaihamishia huko, ofa ikaisha nikasahau. Kwa kutuma kwa mkono sikuwahi kugundua, kwa sababu programu ya meseji hukumbuka laini uliyotumia kwenye mazungumzo na mtu fulani na kuendelea nayo. Wanachama wote nilikuwa nimeshaongea nao kwa laini ya kwanza, kwa hiyo nikituma kwa mkono ilitoka ya kwanza. Skripti haipiti kwenye hayo mazungumzo. Inakwenda moja kwa moja kwenye mfumo wa simu na kuchukua chaguo la jumla.

Kwa hiyo usijiridhishe kwa kutuma meseji ya majaribio kwa mkono. Mimi nilifanya hivyo, ikatoka laini sahihi, nikalala kwa amani.

Ungedhani ningebadilisha tu huko kwenye mipangilio nikamaliza. Nilibadilisha. Lakini nilijua nitaisahau tena ofa nyingine ikija, na nilikuwa nimeambiwa na mpwa wangu kwamba amri ile inakubali kutajiwa laini kwa kuongeza `-s`. Nikaona ni bora skripti iseme yenyewe, isitegemee mipangilio. Wazo lilikuwa zuri. Nikaandika `-s 1`, maana laini ya kikundi ni ya kwanza.

Ijumaa ya pili, saa mbili asubuhi kamili (saa nimesharekebisha), niko kibaraza nakunywa chai, mama akabipu. Nikampigia kwa laini ya pili. Sauti ya mtandao ikanijibu kwamba sina salio la kutosha. Nilikuwa nimeweka 1,000 usiku ule ule. Nikaacha kikombe nikafungua simu: meseji zilikuwa bado zinatoka, na zote zinatoka laini ya pili. Wanachama 11 walikuwa wameshapata ile "namba ya tapeli" kwa mara nyingine.

Nikampigia mpwa wangu, nadhani kwa sauti ya juu kuliko ilivyostahili. Akacheka kwanza. "Mjomba, yule hahesabu kuanzia moja. Tundu la kwanza ni sifuri, la pili ni moja." Yaani nilikuwa nimeiagiza waziwazi itumie laini ya pili.

Kitu kilichonikera zaidi ni jaribio nililofanya kabla ya kumpigia. Nilifikiri labda namba zimegeuzwa, nikaandika `-s 2`. Hakuna kilichotokea. Hakuna ujumbe, hakuna kosa lililoandikwa, kioo kimya. Nikadhani simu imekwama, nikaiwasha upya. Kumbe ndivyo ilivyo: ukitaja tundu ambalo halipo, amri hiyo hunyamaza tu. Inanyamaza vilevile kama Termux:API haijapewa ruhusa ya kusoma hali ya simu, ile inayoitwa READ_PHONE_STATE, ambayo kwenye orodha ya ruhusa inaonekana kama ruhusa ya simu, tofauti na ile ya SMS. Kuchagua laini kunataka zote mbili. Kwa hiyo ukiona ukimya baada ya kuongeza `-s`, angalia mambo mawili tu: namba ya tundu, na hiyo ruhusa.

Mstari sahihi kwangu ukawa:

```
termux-sms-send -n "$namba" -s 0 "$ujumbe"
```

Mara hii sikutaka kuwajaribia wanachama. Nikagundua njia ambayo naitumia hadi leo na inagharimu meseji moja: skripti inatuma kwa namba ya laini yangu ya pili kwanza. Ujumbe unatoka kwenye simu na kurudi kwenye simu hiyo hiyo. Ukiingia, naangalia umetoka namba gani. Ukionyesha namba ya kikundi, laini ni sahihi. Ukionyesha namba ya laini ya pili yenyewe, yaani imejitumia, kuna tatizo na nazima kabla watu hawajapata. Halafu naangalia kifurushi cha laini ya kwanza kama kimepungua, na salio la laini ya pili kama liko vile vile. Usiangalie upande mmoja. Salio la laini ya pili linaweza kubaki lilivyo kwa sababu hakuna meseji iliyotoka kabisa.

Mambo yakatulia karibu miezi miwili. Kisha kioo cha simu kikapasuka, nikampelekea fundi stendi. Alifanya kazi nzuri, sina neno naye. Alitoa kile kisahani cha kadi kwa sindano, akaweka kadi mbili juu ya kitambaa, na mwisho akazirudisha. Kadi zote mbili ni nyeupe upande wa juu baada ya kusuguliwa na miaka. Zilirudi zimebadilishana viti.

Kwa kupiga na kupokea huwezi kujua. Simu inasoma majina ya mitandao, inaonyesha zote mbili, kila kitu kinafanya kazi. Hata chaguo la Messages kwenye mipangilio kwangu lilikuwa bado linaonyesha laini ya kikundi, na hilo ndilo lililonichanganya. Mpwa wangu alinieleza kwa mfano wa basi. Skripti yangu inataja kiti: aliyekaa kiti cha sifuri ndiye atume. Abiria wakibadilishana viti, skripti haina habari. Mfumo wa simu wenyewe humtambua abiria. Kila kadi inayoingia hupewa namba yake ya ndani, ambayo haina uhusiano na kiti. Ndiyo maana chaguo la mipangilio linaweza kuifuata kadi hata ikihamishwa. Wanaoandika programu kamili za Android huitumia namba hiyo:

```
SmsManager.getSmsManagerForSubscriptionId(subId)
```

Nayo ina upande wake mbaya. Laini ikipotea ukaenda kurudishiwa, namba yako ya simu ni ile ile lakini kadi ni mpya, na simu huiona kama abiria mwingine mwenye namba ya ndani mpya. Programu iliyokariri namba ya zamani inabaki inamtafuta mtu aliyekwisha shuka. Kwa hiyo kama unatumia programu ya kawaida ya kupanga meseji, yenye sehemu ya kuchagua laini, ifungue na uchague upya kila baada ya kubadilishiwa kadi. Kama unatumia tundu kama mimi, kagua kila baada ya kisahani kutolewa. Kila njia ina siku yake ya kukusaliti, ila siku hizo hazifanani.

Safari hii jaribio la kujitumia liliniokoa: ujumbe uliingia laini ya pili ukionyesha umetoka laini ya pili. Lakini liliniokoa kwa sababu tu nilikuwa macho, na nilitaka skripti ijilinde yenyewe nikiwa msibani au safarini. Tukaongeza ukaguzi mwanzoni. Kuna amri inayotaja majina ya mitandao ya kadi zilizomo kwa mpangilio wa matundu, yakitenganishwa kwa mkato:

```
getprop gsm.sim.operator.alpha
```

Niliiendesha kadi zikiwa zimekaa vizuri, nikanakili jibu lake herufi kwa herufi, nikaliweka ndani ya skripti. Yote ikawa hivi, nimebadilisha majina ya mitandao tu:

```
halali="MTANDAO-A,MTANDAO-B"
sasa=$(getprop gsm.sim.operator.alpha)
if [ "$sasa" != "$halali" ]; then
  termux-notification -c "Laini zimebadilika"
  exit 1
fi
ujumbe=$(cat ujumbe.txt)
while read -r namba; do
  termux-sms-send -n "$namba" -s 0 "$ujumbe"
  sleep 90
done < wanachama.txt
```

Jibu likitofautiana hata kidogo, hakuna meseji inayotoka, napata taarifa kwenye kioo. Linazuia kadi zilizobadilishana, kadi iliyotolewa, hata kadi isiyosomeka vizuri asubuhi ile. Haliwezi kukusaidia kama laini zako mbili ni za mtandao mmoja, kwa sababu majina yatafanana vyovyote utakavyozipanga. Mwenye hali hiyo abaki na jaribio la kujitumia.

Ile `sleep 90` ni sekunde 90 kati ya mtu na mtu, na si urembo. Android ikiona programu moja inatuma meseji nyingi ndani ya muda mfupi, hudhani ni programu mbaya na husimama kukuuliza kama uruhusu. Sisi ni 38, na asubuhi ile simu iko chaji chumbani, nani atabonyeza? Kwa sekunde 90 zinatoka 20 kwa nusu saa, na kazi yote inaisha chini ya saa moja. Kwa sababu hiyo hiyo ya kuulizana, usiache chaguo la Messages kwenye hali ya kuuliza kila mara kama skripti yako haitaji laini. Ukiwa na simu mkononi ni sawa, lakini meseji ya kujiendesha haina wa kumjibu.

Nilidhani nimemaliza, hadi Desemba. Tulikuwa tunavunja kikoba na kuchinja, nikabadilisha ujumbe nikaweka habari za nyama ya ng’ombe. Laini ilikuwa sahihi, tundu sahihi, kifurushi meseji 100. Kufika mwanachama wa 34 kifurushi kimekwisha, na waliobaki wakaanza kukatwa kwenye salio la laini ya kwanza, ambalo nalo lilikuwa la kikundi.

Nikahesabu. Watu 38, meseji 100, zinaishaje? Kumbe mtandao hauhesabu meseji, unahesabu vipande. Ujumbe wa herufi za kawaida ukiwa na herufi 160 au chini ni kipande kimoja. Ukizidi hapo unakatwa vipande vya herufi 153. Lakini ukiwa na alama moja tu isiyo kwenye orodha ya herufi za kawaida za meseji, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine, na kikomo kinashuka hadi herufi 70, au 67 kwa kila kipande ukishakatwa. Ile alama ya juu kwenye ng’ombe, kibodi yangu iliiandika ikiwa imepinda. Iliyonyooka, yaani ', imo kwenye orodha. Iliyopinda haimo. Ujumbe wangu ulikuwa na herufi mia na hamsini na kitu, ukawa vipande vitatu kwa kila mtu. Watu 33 mara tatu ni 99. Kikatuni cha kucheka mwishoni mwa ujumbe kingefanya vile vile.

Nikarudi kuutazama hata ule ujumbe wa kila wiki:

"Habari ndugu mwanachama. Kikao chetu ni kesho Jumamosi saa 10 jioni, ukumbi wa kawaida. Njoo na hisa, mfuko wa jamii na rejesho. Faini ya kuchelewa ni 500. Katibu."

Ukiuhesabu pamoja na nafasi ni herufi 163. Herufi tatu juu ya 160, kwa hiyo vipande viwili kwa kila mtu, 76 kila wiki badala ya 38. Nikaondoa neno "ndugu", ukabaki 157. Sasa nanunua kifurushi kidogo zaidi, na hakuna mwanachama aliyelalamika kwamba si ndugu tena.

Tangu hapo laini ya kikundi haikai na salio la kawaida. Nikiijiunga kifurushi naweka fedha ya kifurushi tu, isibaki hata mia. Kifurushi kikiisha katikati au muda wake ukipita kabla ya saa mbili asubuhi, meseji zinakwama badala ya kukata fedha ambayo haikupangwa, na zilizokwama naziona kwenye programu ya meseji zikiwa na alama nyekundu. Afadhali kumpigia mtu mmoja mmoja kuliko kumweleza mweka hazina salio limekwenda wapi.

Kuhusu zile 3,000 za mwanzo, niliwasilisha kwenye kikao kwamba ni gharama za kikundi, kwa kuwa meseji zilikuwa za kikundi. Mweka hazina akafungua daftari, akauliza laini ya pili imesajiliwa kwa jina la nani. Nikasema langu. Akafunika daftari.